Neno Alilosema Majaliwa Mbele ya Jeneza

Mimi Rabia nina mdomo, sikatai. Pale sokoni Kasulu ninaposhonea wananiita Redio, na mteja akichelewa kulipa hela ya suruali, safu nzima ya mafundi inajua. Kwa hiyo ninaposema kwamba nilimtukana kaka yangu, msidhani nilimnong'oneza. Nilimtukana shambani, mchana kweupe, mkewe akisikia na majirani wakisikia. Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Baba yetu, Gharibu, alikuwa fundi seremala. Nyumba yetu iko barabara ya kwenda chuo cha ualimu. Mbele kuna karakana yake na chumba kimoja cha duka, nyuma tunalala. Alifariki mwaka 2013, mwezi wa sita. Kabla jeneza halijatoka uwanjani, kaka yangu Majaliwa, mtoto wake wa kwanza, alisimama mbele ya watu akasema kama wanavyosema watoto wote wa kiume katika msiba wa Kiislamu: "Mwenye kumdai baba, asimdai tena baba. Anidai mimi." Watu wakaitikia, jeneza likabebwa. Wa kwanza kujitokeza alikuwa muuza misumari aliyedai elfu kumi na mbili, akalipwa siku ya tatu. Mimi nikajua madeni ya baba yamekwisha.

Mama yetu, Mwatumu, akakaa eda miezi minne na siku kumi, kimya, na karakana ikafungwa kwa kufuli pamoja na kile chumba cha duka. Hakutaka mtu aiguse. Randa la baba liliachwa juu ya meza lilipokuwa, na maranda ya mbao chini hayakufagiliwa. Mimi nilisharudi nyumbani miaka miwili nyuma baada ya ndoa yangu kuvunjika, kwa hiyo tulibaki wawili, mama na mimi. Majaliwa ana mke na watoto kule Murungu, Kibondo, analima.

Basi, mwaka 2014 ulipoanza, nikaanza kusikia maneno. Mteja mmoja ananiambia, "Nimemwona kaka yako anatoka benki." Mwezi unaofuata mwingine tena, "Majaliwa alikuwa hapa mjini jana, hajambo?" Hajambo wapi, wakati kwetu hakufika? Mtu anatoka Murungu, anakula vumbi la barabara nzima hadi Kasulu, anaingia benki, anageuza na basi la mchana bila kumpa mama yake salamu. Nikamwambia mama, mama akasema, "Mwache, labda ana haraka." Lakini niliona amenyamaza, na mama yangu akinyamaza ujue imemuuma.

Mwezi wa saba ikaja barua ya benki. Imeandikwa kwa jina la baba, Bwana Gharibu, kama vile yu hai na ameketi barazani. Mama hajui kusoma, nikaisoma mimi. Ilisema amelimbikiza marejesho ya miezi mitatu ya mkopo aliouwekea nyumba yake rehani, na kwamba anapewa siku sitini kulipa, la sivyo benki itachukua hatua za kuiuza nyumba. Nilisoma mara mbili. Mara ya tatu nilikaa chini.

"Mama, mkopo gani?"

Mama akafuta mikono kwenye kanga, taratibu. Akasema mwaka 2011 baba alikopa kumalizia nyumba, bati na saruji na zile fremu za biashara za mbele, na hati ikabaki benki. Yeye mwenyewe aliitwa akaweka dole gumba kuonyesha kwamba mke ameridhia. "Lakini kaka yako alikuja nikiwa ndani ya eda," akasema. "Akaniambia, mama, mambo ya benki usiyafikirie, nimeyabeba. Nikajua yamekwisha."

Nimeyabeba! Mimi nikayaunganisha kwa akili yangu ya Redio. Hati iko benki. Majaliwa anaonekana benki kila mwezi. Kwetu hakanyagi. Basi ameiweka nyumba rehani kwa mkopo mwingine, amekula hela, na sasa tunauziwa nyumba mimi na mama tukalale sokoni. Sikulala usiku huo, na asubuhi nilikuwa benki kabla hawajafungua.

Afisa mikopo aliitwa Makarius, mgeni wa mikoa ya mbali aliyehamishiwa kwetu, mpole, anaongea kama anaogopa kukuamsha. Nikamtupia barua mezani. Akaniuliza, "Dada, wewe ni nani kwa Bwana Gharibu?"

"Ni mwanawe. Na mnamwandikia mtu aliye kaburini mwaka sasa."

Akaacha kalamu. Akasema, "Pole sana, dada. Benki hatukuwa na taarifa." Kumbe kwa sababu hela ilikuwa inaingia kila mwezi, hakuna aliyeuliza nani anaileta. Nikamwambia anionyeshe huo mkopo, nani alikopa, nani analipa. Akakataa. Akasema hesabu ya mteja haonyeshwi mtu yeyote tu, hata mtoto wake. Niende nipate cheti cha kifo, familia ikae kikao, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, huyo ndiye benki itakayeongea naye. Mimi nikasikia kwamba ananificha. Nikatoka pale nimevimba, nikapanda basi la Kibondo.

Nilifika Murungu jua limesimama. Shamba la kaka yangu nalijua, liko mteremkoni kando ya njia, tangu baba yupo. Nikamkuta mtu mwingine kabisa, na wanawe, wanalisafisha. Nikauliza, wakaniambia Majaliwa yuko kule ng'ambo, analima kibarua kwa watu. Sikujiuliza hata kwa nini. Nikavuka bonde na kandambili mkononi, na nilipomwona ameinama na jembe nikaanza hapo hapo. Nilimwita mwizi. Nilimwambia amemuuza mama yake. Nilimwambia baba angekuwa hai angemlaani. Yeye akasimama ameshika mpini, jasho linamchuruzika, ananiangalia tu. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Aliyenijibu ni mkewe, Anifa. Alikuwa analima mstari wa pili. Akatupa jembe, akanishika mkono kwa nguvu kama mtoto mtundu, akanipeleka nyumbani kwao bila neno. Chini ya kitanda akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimimina mkekani. Zilikuwa risiti za benki. Tisa. Kila moja laki moja na elfu themanini, hesabu ya Gharibu, aliyeweka: Majaliwa.

"Ng'ombe walikuwa wawili," Anifa akasema. "Wamekwenda. Shamba tumelikodisha misimu mitatu, hela ikaenda. Mwezi wa nne hatukuwa na kitu tena. Sasa endelea kututukana, wifi, nakusikiliza."

Nilizipanga zile risiti moja moja kwa tarehe, nikazipanga tena, ili tu mikono yangu iwe na kazi. Kaka akaingia, akakaa mlangoni, akavua viatu vyake vilivyojaa udongo. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema mbele ya watu kwamba anidai mimi," akajibu. "Benki haikuja msibani, lakini inadai kama wengine. Ningerudi kumwambia mama kwamba nimeshindwa?"

"Na kwa nini hukupita nyumbani?"

Akakwaruza udongo kwenye kidole. "Mama angenipikia. Ningekula, angeniuliza habari za ng'ombe. Ningemdanganya na chakula chake kikiwa mdomoni?"

Nikalia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti, na Anifa aliyekuwa amenuna akaishia kunipa maji. Nilimwomba kaka yangu radhi siku ile nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka, juu ya risiti zake. Akanishika kichwa akasema, "Basi, Rabia, basi. Hata baba alikuwa anasema wewe ulizaliwa unaongea."

Tukarudi Kasulu wawili. Hakutaka kufika nyumbani mpaka jambo liishe, akalala kwa rafiki yake. Mimi nilimwambia mama ukweli wote. Hakulia. Aliniuliza tu ng'ombe wenyewe ni wale wekundu? Nikasema ndiyo. Akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba muda mrefu.

Cheti cha kifo tukakipata, na siku ya kikao cha familia Majaliwa alikuja, akakaa barazani, akakataa hata chai. Mama alimtazama, kaka akainamisha macho. Kikao kikanichagua mimi niwe msimamizi wa mirathi. Majaliwa ndiye aliyesema, "Awe Rabia. Huyu hakuna atakayemnyamazisha." Tukaandika muhtasari, tukaupeleka Mahakama ya Mwanzo nikafungua shauri. Karani, Mzee Japhet, akabandika tangazo ubaoni, mwenye pingamizi ajitokeze. Nikachukua nakala yenye mhuri nikaipeleka kwa Makarius, pamoja na laki na themanini niliyoitoa kwenye upatu wangu, kuonyesha kwamba hatujakimbia. Akasema ataomba meneja asimamishe mambo ya mnada mpaka barua ya mahakama itoke. Akatimiza.

Siku za tangazo ziliisha bila pingamizi. Nikateuliwa, nikapewa barua yangu, na safari hii Makarius alinivutia kiti. Majaliwa alikaa pembeni yangu na kofia magotini, kama mshtakiwa. Akauliza swali lake mwenyewe, lile lililomla mwaka mzima: "Afisa, nikishindwa kabisa, mtachukua na shamba langu?"

Makarius akamwangalia, akaelewa taratibu. "Kaka, wewe hukusaini popote. Hukudhamini. Anayedaiwa ni marehemu, na sasa deni liko kwenye mali aliyoiacha, hasa hiyo nyumba. Hata mama aliridhia nyumba iwekwe rehani, hakukopa. Benki haiwezi kuingia mfukoni mwenu wala Murungu. Ulikuwa unalipa kwa hiari yako."

Nilidhani kaka atafurahi. Akaizungusha kofia magotini kama mtu aliyeambiwa mzigo alioubeba haukuwa wake, na mabega yameshaumia. Mimi ndiye niliyemuuliza Makarius kwa hasira kidogo kama hakuna bima, maana nilisikia mikopo ina bima ya kifo. Akasema ipo, lakini iliishia kwa wakopaji wasiozidi miaka sitini, na baba alikopa akiwa na sitini na mbili, hivyo hakukatiwa. Akanionyesha karatasi, na sahihi ya baba ilikuwa pale, ile yenye mkia mrefu.

"Haya," nikasema. "Lakini rehani haikufa naye."

"Haikufa. Nyumba mmeirithi pamoja na rehani yake. Mkiacha kulipa, benki ina haki ya kuiuza kwa mnada. Bei ikizidi deni na gharama, kinachobaki ni chenu, lakini mnadani bei huwa haifurahishi." Akasema hatulazimiki kusubiri huko. Tunaweza kuiuza wenyewe kwa bei nzuri, benki ikiridhia, deni likalipwa, hati ikaachiwa kwa mnunuzi, tukagawana salio. Au mmoja wetu aombe kuuchukua mkopo kwa jina lake, benki ipime kipato chake. Au mirathi iendelee kulipa, na kwa kuwa mwenye mkopo amefariki, angeweza kutuombea marejesho madogo zaidi kwa muda mrefu zaidi.

Kuuza ilikuwa rahisi kuliko yote. Lakini mtu asiye na kipato ni nani? Ni mama. Na nyumba ni ya nani hasa, kama si yake? Tulirudi kumwambia, Majaliwa akasimama ukutani nje, hakuingia. Nikampa mama mambo yote kama tulivyoyasikia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa ufunguo kwenye fundo la kanga.

"Kuna kitu kinachoweza kulipa humu ndani," akasema. "Mimi ndiye nimekifungia."

Akaenda kufungua karakana. Mlango ulikuwa umejaa unga wa mchwa. Mle ndani kila kitu kilikuwa kama baba alivyokiacha, kikombe chake cha chai kikiwa na masalia makavu ya kahawia chini. Mama akalishika randa, akalipangusa kwa kanga, akalirudisha. Akasema, "Mwiteni Venanti." Venanti alijifunza useremala kwa baba, sasa anafanyia kazi chini ya turubai karibu na stendi. Alipokuja na kusikia anapangishwa karakana ya mwalimu wake na zana zake ndani, hakubishana bei. Akalipa miezi sita mbele, na muuza vocha mmoja akachukua kile chumba cha duka, naye miezi sita. Makarius akatuandikia barua ya benki kuridhia upangaji. Malimbikizo yakaisha, rejesho likapunguzwa hadi laki moja na thelathini, na kodi ikatosha. Sikuwahi kudhani ningempenda afisa mikopo, lakini nilimshonea shati.

Ikabaki mahakama. Msimamizi anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni, na maelezo ya jinsi mirathi ilivyoshughulikiwa. Mwanzoni mwa 2015 tukaenda wote watatu, mama amevaa baibui lake jipya. Nilikuwa nimeijaza fomu vizuri na niliijivunia. Mali: nyumba, zana za karakana. Mama thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kaka fungu mara mbili ya langu, na tumekubaliana nyumba isigawanywe wala kuuzwa mpaka rehani iishe na hati irudi, mama akae humo. Madeni: benki, na salio lake. Kisha nikaandika, Majaliwa, milioni moja na laki sita na elfu ishirini, alizolipa kwa niaba ya marehemu. Na chini yake nikaandika, Rabia, laki moja na themanini. Ndiyo, niliandika. Haki ni haki.

Mzee Japhet akaisoma kwa sauti, akipitisha kidole. Alipofika jina la kaka, Majaliwa akasema, "Hapo futa."

Japhet akamtazama juu ya miwani. "Bwana Majaliwa, hii ni haki yako. Ulilipa deni la mirathi kwa hela yako, mirathi inaweza kukurudishia. Dada yako ameandika sawa kabisa."

"Najua. Ameandika sawa. Lakini hapo panasomeka kwamba namdai baba." Hakupandisha sauti. "Mimi simdai baba yangu. Nilisema wamdai nani? Wanidai mimi. Sasa nikirudi kumdai yeye, si nitakuwa nimemrudishia deni lake?"

Mama alikuwa anatazama mikono ya kaka, na ile mikono ilikuwa imepasuka kwa jembe la kibarua. Nikaliangalia jina langu lililo chini ya lake, na ile laki na themanini yangu, na herufi zangu nzuri. Nikasema, "Mzee, na langu futa."

Japhet akashusha pumzi. "Basi mtajaza fomu nyingine, maana hii haitasomeka." Akaandika kwamba wote wawili wamesamehe kwa hiari yao, tukasaini, mama akaweka dole gumba. Lilikuwa dole lile lile la 2011, na niliona analikandamiza kwa muda mrefu.

Tulitoka kwa miguu. Tulipokaribia nyumbani tulianza kusikia randa. Venanti alikuwa kazini, na harufu ya mbao za mninga ilikuwa imefika hadi barabarani, kama zamani tukitoka shule. Majaliwa akasimama pale kwenye kona ambayo, nilikuja kujua, ndipo alipokuwa anasimama kila mwezi akiitazama nyumba kabla ya kukimbilia basi.

Mama akageuka. "Lile neno ulilosema mbele ya jeneza," akamuuliza, "limekwisha?"

"Limekwisha, mama. Benki inalipwa na nyumba yenyewe."

"Na shamba?"

"Limebaki msimu mmoja, litarudi."

"Na ng'ombe?"

Kaka akacheka kidogo, akatazama chini. "Wale wekundu waliuzwa, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, kaka alimjibu mama swali la ng'ombe. Mama akamshika mkono, mtu mzima na ndevu zake, akamwingiza ndani. Alikuwa amemwachia jirani unga wa muhogo na dagaa wa Kigoma atupikie. Majaliwa akanawa, akakaa pale alipokuwa akikaa baba, kisha akajistukia akasogea. Mama akamwambia arudi palepale. Akarudi, akamega tonge, akala, na mama alikaa mbele yake hakula kitu, anamwangalia tu. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema, nikanyamaza.